Kamera sita, mtandao mmoja: Kwa nini picha za stoo hupotea saa ya kushusha mzigo

Na Mwandishi wa Masuala ya Kikanda, Koboko

Lori la sukari lilisimama mbele ya stoo ya Lurujo mchana wa siku ya soko. Mwenye mali hakuwepo. Alikuwa ng'ambo, Ariwara, upande wa Kongo, akifuatilia deni la mafuta ya kupikia. Alipopigiwa simu kwamba gari limefika, alifanya kile ambacho mfanyabiashara yeyote mwenye kamera angefanya: alifungua simu yake ili aone mzigo wake ukishushwa.

Jioni hesabu ilipofungwa, magunia kumi na moja hayakuonekana. Dereva alisema ameshusha yote. Vibarua walisema wamebeba yote waliyopewa. Mzee wa geti akasema hakuona gunia lolote likitoka. Mama huyo, ambaye tumekubaliana tusimtaje jina, hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na kamera sita, na zote zilikuwa zikirekodi kwenye hifadhi ya mtandaoni, ile ambayo watu huita wingu. Alifungua rekodi ya mahali pa kushusha mzigo. Picha ilikwenda vizuri mpaka 13:52, ikaruka, ikaendelea tena 14:17. Dakika 25 hazikuwepo. Kwenye kamera ya geti hali ilikuwa hiyo hiyo, ila pengo lilianza dakika mbili baadaye.

Kila mtu pale stoo alifikia uamuzi mmoja: kuna mtu amezima kamera. Na kwa kuwa swichi ya umeme iko karibu na kibanda cha mlinzi, macho yote yakamgeukia mzee wa geti. Wiki haikuisha kabla hajarudi kwao.

Fundi aliyekuja baadaye kukagua mitambo hakukuta dalili yoyote kwamba umeme ulikatika au kwamba mtu aligusa waya. Alichokuta ni jambo ambalo wafanyabiashara wengi wa ukanda huu wa West Nile, kuanzia Arua, Koboko, hadi mpaka wa Oraba, hawajaambiwa na waliowauzia kamera. Mtandao wa stoo ulikuwa mdogo kuliko kazi uliyopewa, na saa ile ya kushusha mzigo ndipo ulipozidiwa. Zaidi ya hapo, aliyeuzidishia mzigo dakika zile alikuwa ni mwenye mali mwenyewe, alipofungua simu kule Ariwara kutazama.

Barabara ya kwenda si sawa na ya kurudi

Biashara ya eneo hili inamlazimu mtu kuwa mbali na mali yake. Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, na mfanyabiashara wa Koboko anaweza kuwa Kaya asubuhi na Ariwara siku inayofuata. Ndiyo maana kamera zinazotuma picha mtandaoni zimependwa. Mashine ya kurekodi iliyoko dukani inaweza kubebwa na mwizi pamoja na ushahidi wake, lakini picha iliyokwisha fika mtandaoni haibebeki.

Tatizo ni kwamba kamera inatumia mtandao kinyume na tunavyoutumia sisi. Mtu anayetazama video au kusoma habari kwenye simu anashusha data. Kamera inapandisha. Na katika mtandao wa simu wa 4G, ambao ndio wengi wanaoutumia nje ya miji, njia ya kupanda huwa nyembamba kuliko ya kushuka. Sababu moja ni nguvu: mnara wa simu unarusha mawimbi kwa nguvu kubwa, lakini ruta yako au simu yako inajibu kwa nguvu ndogo sana, kama sehemu ya tano ya wati moja. Sababu ya pili ni kwamba kampuni za simu hupanga mitambo yao zikijua kwamba wateja wengi hushusha kuliko kupandisha.

Kwa hiyo muuzaji anapokuambia kwamba mtandao una kasi ya "20", muulize: ishirini ya kushuka au ya kupanda? Ukipima kwa programu ya kupima kasi, utaona namba mbili, `Download` na `Upload`. Kwa kamera, soma ile ya pili.

Kuna mtego mwingine katika kipimo. Kasi ya mtandao huhesabiwa kwa megabiti kwa sekunde, inayoandikwa `Mbps`. Ukubwa wa faili na bando huhesabiwa kwa megabaiti na gigabaiti, `MB` na `GB`. Baiti moja ni biti nane. Mtandao wa kupanda wa megabiti 8 kwa sekunde unasafirisha megabaiti moja tu kwa sekunde. Anayechanganya vipimo hivi viwili anajidanganya mara nane.

Hesabu ya stoo ya Lurujo

Fundi alianza kwa kupima. Alizima kamera zote, akakaa pale pale ruta ilipo, akapima kasi ya kupanda mara tatu kwa siku, kwa siku nne. Asubuhi saa kumi na mbili, watu wengi wakiwa hawajaanza kutumia simu, alipata karibu megabiti 6.8. Saa sita mchana alipata 3.9. Saa mbili usiku, watu wote wakiwa nyumbani na simu mkononi, ilishuka hadi 2.4.

Wengi wetu tungechukua wastani. Fundi alikataa. "Mama, daraja halijengwi kwa wastani wa mvua," alimwambia. Namba ya kupangia ni ile ndogo kuliko zote, kwa sababu wizi hauchagui saa ambayo mtandao uko vizuri. Akachukua 2.4.

Kisha akafungua mipangilio ya kamera moja moja. Kila moja ilikuwa imeachwa kama ilivyotoka kiwandani: picha ya ukubwa wa `1080p`, ikitumia megabiti 2 kwa sekunde. Kamera sita mara mbili ni megabiti 12. Mtandao ulikuwa na 2.4. Kazi ilizidi njia mara tano.

Swali la mama lilikuwa la haki: kama ni hivyo, mbona miezi yote ile picha zilikuwa zinaonekana? Jibu ni kwamba kamera zake zilipangwa kutuma pale tu kitu kinapotikisika mbele yake. Siku ya kawaida anapita mtu mmoja getini, kamera moja inatuma megabiti 2, njia ina nafasi, kazi inaisha. Baadaye anaingia mtu stoo, kamera nyingine inatuma. Zinapokezana bila kujua. Mfumo ulionekana mzima kwa sababu haukuwa umejaribiwa.

Siku ya lori, mambo yalikuwa tofauti. Geti liliona mwendo, mahali pa kushusha paliona mwendo, na kamera ya ndani ya stoo iliona vibarua wakiingia na kutoka. Kamera tatu kwa pamoja ni megabiti 6, na mchana ule mtandao ulikuwa na chini ya 4. Tayari kulikuwa na msongamano. Ndipo mama akafungua simu Ariwara na kuweka picha za kamera mbili katika ubora wa juu. Katika kamera za aina yake, picha unayoitazama moja kwa moja haitoki mtandaoni ilikohifadhiwa; inatoka stoo kama nakala ya pili, juu ya ile inayorekodiwa. Megabiti 4 nyingine zikaongezeka. Sasa kazi ilikuwa 10 na njia 4.

Anayejua foleni ya malori pale Oraba anaelewa kilichofuata. Malori yakifika haraka kuliko forodha inavyoyaruhusu, hayapotei. Yanapanga mstari, na mstari unazidi kurefuka. Tofauti ni kwamba kamera haina eneo kubwa la kuegesha. Kumbukumbu yake ya ndani ni ya sekunde chache tu. Ikijaa, kamera inatupa picha za zamani ili ipokee mpya. Kama ina memori kadi na imepangwa vizuri, zile picha hubaki kwenye kadi. Kamera za mama hazikuwa na kadi. Alishauriwa asinunue, kwa kuwa "kila kitu kiko mtandaoni".

Jinsi ya kutambua kabla ya hasara

Dalili ya kwanza haionekani kwenye kamera. Inaonekana kaunta. Malipo ya simu yanachelewa kuthibitishwa, ankara ya `EFRIS` inazunguka bila kutoka, wakala wa forodha anashindwa kutuma nyaraka. Mtu hulaumu mamlaka ya mapato au kampuni ya simu. Lakini ujumbe huo ni mdogo sana. Kilichouchelewesha ni kwamba umesimama nyuma ya msururu wa picha za video kwenye njia hiyo hiyo ya kupanda.

Hata kushusha huathirika. Kompyuta inapopokea data, inapaswa kurudisha vijibu vidogo vya "nimepata, lete nyingine". Vijibu hivyo navyo vinapanda. Vikikwama, anayetuma anasubiri, na mtandao wa kushuka unaonekana umekufa ingawa haujaguswa.

Kuna kipimo rahisi ambacho mwenye kompyuta ya Windows anaweza kukifanya mwenyewe. Fungua dirisha la amri na uandike:

```
ping -n 60 8.8.8.8
```

Kompyuta itatuma ujumbe mdogo mara sitini na kukuonyesha kila mmoja umechukua muda gani kwenda na kurudi, ukiandikwa `time=` na idadi ya `ms`, yaani sehemu za elfu za sekunde. Fanya mara moja kamera zikiwa zimezimwa, na mara ya pili zikiwa zinafanya kazi huku watu wawili wakitembea mbele yake. Kule Lurujo, kamera zikiwa zimezimwa, namba zilikuwa kati ya 50 na 80. Kamera zote zilipoona mwendo, zilipanda hadi zaidi ya 1,500, na mistari kadhaa ikasoma `Request timed out.` Hiyo ndiyo sura ya njia iliyoziba. Kama namba zako zinabaki karibu zilipokuwa, una nafasi.

Dalili ya mwisho ni mapengo yenyewe. Fungua rekodi za siku yenye shughuli nyingi kuliko zote, usifungue za siku tulivu, na ufuatilie saa iliyoandikwa kwenye kona ya picha. Ikiruka wakati watu wanaonekana wakitembea kabla na baada, umeme haukukatika. Umeme ukikatika, kamera zote hukoma kwa sekunde moja. Mtandao ukizidiwa, kila kamera hukoma kwa wakati wake. Kule stoo, kamera ya kushusha ilikoma 13:52 na ya geti 13:54. Dakika mbili hizo zilitosha kumwondolea lawama mzee wa geti, kama kungekuwa na mtu anayejua kuzisoma.

Kugawa kidogo kilichopo

Fundi alipanga upya kwa kuanzia mwisho, yaani kwa kile ambacho njia inaweza kubeba. Kutoka kwenye 2.4 alichukua asilimia 70 tu, kwa sababu mtandao wa simu huyumba dakika hadi dakika na njia ikijazwa mpaka ukingoni msongamano huanza. Ikabaki karibu megabiti 1.7. Hapo akatoa nusu megabiti kwa ajili ya kaunta: malipo ya simu, ankara, ujumbe wa wateja. Zilizobaki ni megabiti 1.2, sawa na kilobiti 1,200. Hiyo ndiyo bajeti ya kamera zote, pamoja na mama anapotazama akiwa mbali.

Kisha akauliza swali ambalo halikuwahi kuulizwa siku ya kufunga mitambo: ni picha gani ambayo lazima iwe nje ya jengo hili, hata kama kila kilichomo kitabebwa? Waliketi wakazungumza karibu saa nzima. Kamera mbili za ndani ya stoo zilitolewa kwanza. Mtu hawezi kuiba kutoka ndani bila kupita getini au ukuta wa nyuma. Zilibaki kamera nne.

Geti litume saa zote. Kaunta ya fedha itume tangu kufungua mpaka saa moja jioni, na kuanzia hapo nafasi yake ichukuliwe na ukuta wa nyuma mpaka asubuhi. Kaunta haina fedha usiku na ukuta haupandwi mchana, kwa hiyo mbili hizi zinaweza kulala kitanda kimoja kwa zamu. Mahali pa kushusha mzigo patume pale tu panapokuwa na mwendo. Kila moja ilipewa kilobiti 300. Mbili za kudumu ni 600, ya kushusha ni 300, na 300 za mwisho zikaachwa kwa mama kutazama kamera moja kwa wakati mmoja. Jumla 1,200. Hakuna iliyobaki, na hakuna iliyokopwa.

Je, kilobiti 300 zinatosha kuona? Hapa lazima tuseme ukweli. Karibu kila kamera ya siku hizi inatoa picha mbili kwa wakati mmoja. Kwenye mipangilio zinaitwa `Main Stream`, picha kubwa, na `Sub Stream`, picha ndogo. Ile ndogo, yenye upana wa nukta 640 na picha kumi kwa sekunde, inakuonyesha mtu amebeba gunia, anaelekea wapi, na saa ngapi. Haikuonyeshi namba ya gari wala sura ya mtu aliye mbali. Picha ndogo ndiyo inayokwenda mtandaoni.

Picha kubwa inabaki nyumbani, kwenye mashine ya kurekodi yenye diski, ikiunganishwa na kamera kwa waya. Waya wa ndani ya jengo hauna shida ya kubeba megabiti 12. Wala haugusi bando. Kamera sita kwa megabiti 2 kila moja hujaza karibu gigabaiti 130 kwa siku, kwa hiyo diski ya terabaiti 2 inahifadhi siku 15 kabla ya kuanza kufuta za zamani, na ya terabaiti 4 inafikisha mwezi. Fundi aliifungia kwenye sanduku la chuma juu ya dari, mbali na kaunta, akaiunganisha pamoja na ruta kwenye betri ya sola. Mwizi akiikuta na kuibeba, picha ndogo ziko salama mtandaoni. Asipoikuta, sura iko kwenye diski.

Na kukitokea tatizo mama akiwa ng'ambo, haitaji kila kitu. Anatazama picha ndogo, anaona saa ya tukio, kisha anaomba dakika kumi tu za picha kubwa. Dakika kumi za megabiti 2 ni megabaiti 150. Zikipandishwa kwa kasi ya megabiti moja kwa sekunde, zinafika kwa dakika 20. Hiyo inavumilika.

Bando nalo lina hesabu yake

Kasi si gharama pekee. Megabiti moja kwa sekunde ikitumwa bila kukoma hula karibu gigabaiti 10.8 kwa siku, na 324 kwa mwezi. Kamera zote sita katika ubora wa kiwandani, kama njia ingeziruhusu kutuma saa zote, zingekula karibu terabaiti 3.9 kwa mwezi. Kwa mpango mpya, zile mbili za kudumu hutumia karibu gigabaiti 194. Ukiongeza saa nne za kushusha mzigo kila siku na saa moja ya mama kutazama, inafika karibu 215.

Bado si kidogo, hasa kwa kuwa tangu Julai 2021 data ya mtandao nchini Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12 mbali na kodi ya ongezeko la thamani. Na anayetumia kifurushi kinachoitwa hakina kikomo asome masharti. Vingi hupunguzwa kasi baada ya kufikia kiwango fulani, na kasi hiyo iliyopunguzwa ndiyo itakayokuwa njia yako halisi katika siku za mwisho wa mwezi. Kama inashuka chini ya bajeti yako, mapengo yatarudi tarehe ile ile kila mwezi. Asiyeweza kumudu kiasi hicho aache geti peke yake litume saa zote, na nyingine zitume kwa mwendo.

Usiku wa kumbikumbi

Mpango ulikaa vizuri wiki mbili. Kisha mvua ikanyesha jioni, na usiku ule picha zikaanza tena kukatika. Fundi alirudi na kukuta kumbikumbi.

Kamera usiku huwasha taa yake isiyoonekana kwa macho, na wadudu huruka mbele ya kioo. Kwa kamera, mdudu aliye karibu ni kitu kikubwa kinachotembea. Kamera ya kushusha mzigo, iliyotakiwa kutuma kwa mwendo tu, ilituma usiku kucha. Mvua yenyewe na utando wa buibui hufanya vivyo hivyo. Zaidi ya hayo, picha ya gizani huwa na chengachenga, na chengachenga hizo ni vigumu kuzibana, kwa hiyo kamera iliyoachiwa uhuru hupandisha data kuliko mchana.

Uhuru huo uko kwenye mpangilio unaoitwa `Bitrate Type`. Ukisoma `VBR`, kamera inabadilisha kiasi kulingana na picha. Ukisoma `CBR`, inashika kiasi ulichoweka na kupunguza ubora inapolazimu. Kwa njia nyembamba, chagua `CBR`, au kama unabaki na `VBR`, hakikisha sehemu ya `Max Bitrate` imewekwa namba ya bajeti yako. Kule Lurujo ilikuwa `VBR` yenye kilele cha kilobiti 1,024, zaidi ya mara tatu ya ilichopangiwa. Fundi aliiweka `CBR` 300, akapunguza eneo la kutambua mwendo ili libaki usawa wa mlango wa lori tu, na akampa kijana wa stoo kazi ya kufuta utando kwenye vioo kila Jumamosi.

Kama kamera yako inaruhusu, chagua pia `H.265` badala ya `H.264`. Ni njia mpya zaidi ya kubana picha, na kwa ubora unaokaribiana inatumia karibu nusu ya data. Lakini hakikisha mashine ya kurekodi na programu ya simu zinaisoma, la sivyo utapata kioo cheusi.

Kamera nyingi za bei nafuu zinazouzwa madukani hazina mipangilio hii. Zina kitufe kimoja tu cha `HD` au `SD`. Kwa hizo, weka `SD`, tia memori kadi, halafu pima kwenye ruta zinatumia kiasi gani hasa. Baadhi ya ruta zina ukurasa wa `QoS` au `Bandwidth Control` ambapo unaweza kuwekea kamera kikomo. Kikomo hicho kitaokoa kaunta yako, lakini hakitaokoa picha. Kamera inayotoa megabiti 2 mbele ya mlango wa kilobiti 300 bado itatupa zilizozidi. Kupunguza lazima kuanzie kwenye kamera.

Wapo wanaouliza kama laini mbili za simu si dawa. Zinasaidia ukizigawa: kaunta iwe na yake, kamera ziwe na yake. Kuziunganisha ili kasi zijumlike kunahitaji ruta maalumu, na hata hivyo kila laini ina saa yake mbaya. Mwenye stoo mjini Arua au Koboko aulize kwanza kama faiba inafika mtaani kwake, kwa sababu huko njia ya kupanda huwa pana na tulivu zaidi. Aliye nje ya mji anaweza kuanza na ruta yenyewe. Ikitoka chini ya kaunta na kuwekwa juu, upande unaotazama mnara, kupanda ndiko kunakonufaika zaidi. Ila usihesabu faida hiyo mpaka umeipima saa mbili usiku.

Kilichobaki

Nilipofika stoo mwezi uliopita, lori lingine lilikuwa likishushwa. Karibu na kaunta kulikuwa na karatasi imebandikwa kwa selotepu, yenye mistari mitano ya kalamu ya wino: geti 300, kaunta au ukuta 300, kushusha 300, mama 300, jumla 1,200. Chini yake, kwa herufi kubwa: USIFUNGUE KAMERA MBILI. Mama mwenyewe ndiye aliyeuandika mstari huo wa mwisho.

Magunia kumi na moja hayajulikani yalikokwenda mpaka leo. Huenda hayakuwahi kupakiwa huko yalikotoka, huenda yalitoka getini katika zile dakika 25. Mama alimtumia mzee wa geti ujumbe wa kumtaka arudi kazini, na nauli ndani yake. Alirudisha nauli. Alijibu kwamba amepata kibarua kwingine, kwenye stoo isiyo na kamera.